Logfremu ya mradi wa kuhifadhi mahindi: nasomaje kutoka shughuli mpaka autikamu?

MtuWaKibaigwa

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo kwenye shirika dogo hapa wilayani Kongwa. Nimetokea kwenye ugani, kwa hiyo shambani sibabaiki, ila mambo ya maandiko ya miradi bado ni mageni kwangu. Bosi kanipa andiko ambalo halijatumwa kwa mfadhili, akaniambia: "Wewe unawajua wakulima, pitia logfremu uone kama mnyororo umekaa sawa." Ni lile jedwali linalopanga shughuli, matokeo na lengo la mradi. Nimeipitia mara mbili. Kila mstari peke yake naona una maana, ila nikijaribu kuuunganisha na wa juu yake naona ukungu.

Nimeifupisha hivi:

Lengo kuu: Kaya za wakulima wadogo katika vijiji 12 zina uhakika wa chakula na kipato bora.

Autikamu: Wakulima 1,200 wana uwezo wa kuhifadhi mahindi kwa usalama. Kiashiria: idadi ya wakulima waliopata mafunzo (1,200). Uthibitisho: orodha za mahudhurio. Mategemeo: ushirikiano mzuri wa serikali.

Autiputi 1: Mafunzo ya uhifadhi yamefanyika. Kiashiria: mafunzo 40. Uthibitisho: ripoti za mafunzo. Mategemeo: wakulima watahudhuria.

Autiputi 2: Mifuko isiyopitisha hewa inapatikana vijijini. Kiashiria: mifuko 3,600 imegawiwa. Uthibitisho: fomu za kupokelea. Mategemeo: bei haitapanda.

Shughuli: kuandaa wakufunzi 24 wa vijiji, kuendesha mafunzo 40 ya watu 30, kununua na kugawa mifuko 3,600, kuwatambua wenye maduka ya pembejeo 8 na kuwaunganisha na wasambazaji, ziara ya mafunzo ya madiwani Morogoro.

Muda: miezi 18, kuanzia Julai. Nianzie wapi?

Kamanda_Tano

Mkuu una templeti ya hiyo logfremu ya Ekseli? Nina andiko la mradi wa kuku, nataka nibadilishe tu maneno. Ni PM.

Ndugu Mjumbe

Hii rahisi sana. Autiputi ni kitu cha muda mfupi, autikamu ni cha muda wa kati, lengo kuu ni la muda mrefu. Autiputi unaweza kuishika kwa mkono, autikamu huwezi. Kwa hiyo mafunzo na mifuko ni autiputi, "uwezo" ni autikamu. Naona logfremu yako iko sawa kabisa, mwambie bosi atume.

Mama Tathmini

Ndugu Mjumbe, upande wa mafunzo na mifuko nakubaliana nawe. Kwenye muda hapana. Kuna autiputi zinazochukua miaka miwili, mfano kujenga ghala la kijiji, na kuna autikamu inayoonekana ndani ya wiki. Mimi huwa naangalia mkono wa nani umefanya. Mfuko kufika kijijini ni kazi ya mradi, kwa pesa ya mradi, na usipofika analaumiwa meneja. Mkulima kuujaza mahindi makavu, kuufunga sawasawa na kuuacha mpaka miezi ya njaa, hiyo ni kazi ya mkulima. Mradi hauwezi kuifanya kwa niaba yake. Hapo ndipo autikamu inapoanzia.

Sasa MtuWaKibaigwa, chukua karatasi uzibe safu ya kushoto yote, ile yenye maneno mazuri. Soma viashiria peke yake kutoka chini kwenda juu. Unasoma nini? Mafunzo 40, mifuko 3,600, watu 1,200 waliofunzwa. Mtu asiyejua mradi wenu akisoma hivyo atasema huu ni mradi wa semina na kugawa mifuko, basi. Hakuna kiashiria hata kimoja kinachomwona mkulima akihifadhi kitu.

Hebu piga hesabu: mafunzo 40 ya watu 30 ni watu 1,200. Kwa hiyo kiashiria cha autikamu ni kile kile cha autiputi 1, kimezidishwa kwa 30 na kupandishwa ghorofa. Mkimaliza mafunzo ya mwisho, siku hiyo hiyo mtakuwa mmefikia autikamu asilimia 100, hata kama hakuna debe moja la mahindi lililohifadhiwa. Ukiona autikamu inayotimia bila mlengwa kufanya lolote zaidi ya kuja kusaini daftari, ujue mnyororo umekatika hapo.

MtuWaKibaigwa

Aisee. Sasa naona kwa nini nilikuwa najisikia nasoma kitu kimoja mara mbili. Lakini mama, safu ya mategemeo inaingiaje? Mimi nilidhani ni ya kujikinga tu, kwamba mambo yakiharibika tuna pa kusingizia.

Mama Tathmini

Wengi huijaza hivyo, ndiyo maana utakuta "ushirikiano wa serikali" na "hali ya hewa nzuri" kwenye kila andiko.

Iko hivi. Unasoma mstari wa chini, unavuka mpaka safu ya mategemeo ya mstari huo huo, halafu ndipo unapanda. Jaribu na mstari wenu wa autiputi: "Mafunzo yamefanyika na mifuko ipo kijijini, NA ... basi wakulima watahifadhi mahindi." Kwenye hizo nukta weka kilichoandikwa: "wakulima watahudhuria." Je, sentensi inasimama? Haisimami. Kuhudhuria kumeshatokea, vinginevyo tusingesema mafunzo yamefanyika. Hilo tegemeo linatakiwa lishuke mstari mmoja, likae na shughuli.

Wewe ndiye unayeishi Kibaigwa. Niambie, mkulima amefunzwa, ana mifuko mitatu, kavuna Juni. Nini kitamfanya asihifadhi?

MtuWaKibaigwa

Hilo halihitaji semina. Soko la mahindi liko hapo hapo. Mkulima akivuna ana deni la mbegu, ana mtoto wa kupeleka shule, ana mtu aliyemkopesha debe tatu wakati wa njaa na anataka alipwe. Malori yanajaza Juni na Julai. Anauza kwa bei ya chini, halafu Januari anayarudia mahindi yale yale kwa bei ya juu. Anajua fika kwamba anapunjwa, ila hana namna.

Mama Tathmini

Basi tegemeo lenu la kweli ndilo hilo: "Kaya zina mahindi ya kubakiza baada ya kulipa madeni ya msimu." Liandike wazi wazi. Halafu jiulizeni lina uwezekano gani wa kushika. Mkiona ni mdogo, tegemeo peke yake halitoshi tena, inabidi mlitafutie shughuli. Kwa mfano kuunganisha na vikoba ili mtu apate pesa ya Juni bila kuuza gunia. Au mpunguze madai: badala ya kaya 1,200 mseme mtawalenga wale wenye uhakika wa kubakiza angalau gunia moja.

KisimaKirefu

Naingilia kidogo, maana hili la kuzidisha nimeliishi kwenye miradi ya maji. Sera yetu ya maji ya 2002 ilisema kituo kimoja cha kuchotea vijijini ni kwa watu 250, ndani ya mita 400. Basi sehemu niliyokuwa, tulikuwa tunaweka vituo 20, tunazidisha kwa 250, tunaandika "watu 5,000 wanapata maji safi na salama". Hakuna aliyewahi kwenda kuhesabu watu wenye ndoo pale kituoni. Vituo vingine maji yalikuwa na chumvi, watu walifulia tu, ya kunywa walirudi mtoni. Kwenye ripoti walikuwa 5,000 vile vile.

Kwa hiyo kwenye logfremu yoyote, mimi siku hizi naanza na safu ya uthibitisho. Ukiona autikamu inathibitishwa na karatasi ambayo mradi wenyewe umeitengeneza, kama mahudhurio au fomu ya kupokelea, shtuka.

Mhasibu Mnoko

Mimi nasoma kutoka kwenye bajeti. Chukua kila shughuli, iulize inalisha autiputi gani. Ziara ya madiwani Morogoro inalisha ipi? Siioni. Inaelea. Na nakuhakikishia kwenye bajeti ina posho, gari na malazi, haitakuwa ndogo. Mpitia maandiko wa mfadhili ataikata kwanza hiyo, na pengine ataanza kutilia shaka mengine.

Halafu geuza: kila autiputi iulize inalishwa na nini. Autiputi 2 inasema mifuko "inapatikana vijijini". Chini yake kuna shughuli mbili zinazopigana. Moja inagawa mifuko 3,600 bure, nyingine inatafuta wenye maduka 8 wauze mifuko hiyo hiyo. Nani atanunua dukani kitu ambacho jirani kapewa bure?

Ndugu Mjumbe

Mhasibu hapo unaonea. Usipogawa bure mkulima maskini hataujaribu. Akishaona mahindi yake yametoka salama, msimu unaofuata atanunua mwenyewe.

Mhasibu Mnoko

Au atasubiri mradi mwingine uje ugawe. Nimeyaona yote mawili, Mjumbe.

Mama Tathmini

Hapo sitawapatanisha, maana hata wataalamu wa uhifadhi hawajakubaliana. Ninachosema ni kwamba logfremu lazima ichague. Mkigawa bure, kiashiria ni mifuko iliyofika na duka litoke. Mkitaka soko, gaweni mfuko mmoja wa kuonjea, na kiashiria kiwe idadi ya maduka ambayo bado yana mifuko kwenye shelfu wakati wa mavuno, na mifuko waliyouza kwa pesa taslimu. Hivyo viwili vinahitaji uthibitisho tofauti kabisa. Mkiviweka pamoja mwishoni hamtajua kipi kimefanya kazi.

Mto wa Athi

Hamjambo, niko upande wa Kenya. Nauliza, hiyo andiko inasema chochote juu ya aflatoksini? Sisi huku Makueni na Kitui hatujasahau 2004. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, na ilikuwa mahindi ya nyumbani tu, yaliwekwa yakiwa na unyevu.

MtuWaKibaigwa

Inasema sana. Huku tunaiita sumukuvu. Utangulizi wote wa andiko umejengwa juu ya ule mlipuko wa 2016 Dodoma na Manyara. Kurasa mbili nzima. Lakini sasa ulivyouliza nimerudi kwenye logfremu kuangalia... neno sumukuvu halimo hata mara moja!

Mto wa Athi

Ndio nilidhani. Na hiyo mifuko yenu ya tabaka tatu haiondoi sumu, kaka. Inaua wadudu kwa kuwanyima hewa, na inazuia kuvu kuendelea kama nafaka imekauka. Ukiweka mahindi yenye unyevu, au yaliyoshika sumu yakiwa bado shambani, utayatoa na sumu yake ile ile. Yanafaa yawe chini ya asilimia 13.5 ya unyevu ndio ufunge.

Mama Tathmini

Mto wa Athi amegusa penyewe. Tatizo lililoandikwa kwenye utangulizi ni sumu. Suluhisho lililoandikwa kwenye logfremu ni la wadudu. Ni vitu viwili vinavyokutana kwenye jambo moja tu, ukaushaji, na ukaushaji haupo. Hakuna turubai, hakuna kipima unyevu, hakuna hata kile kipimo cha chumvi.

Mna njia mbili za haki. Ya kwanza, punguzeni utangulizi, semeni mradi ni wa kupunguza upotevu unaotokana na dumuzi na fukusi. Hilo nalo ni tatizo kubwa linalojitosheleza, wazee wa Tabora waliomwona dumuzi akiingia na kumpachika jina la Skania watakwambia. Ya pili, ongezeni autiputi ya ukaushaji: kaya zina turubai na zinajua kupima unyevu. Mkichukua ya pili, msije mkaandika kiashiria cha "visa vya sumukuvu kupungua". Kwa vijiji 12 na miezi 18 hamwezi kukiona, na kisa kikikosekana hamjui ni kwa sababu yenu au mwaka ulikuwa mzuri tu. Kupima sampuli maabara dhidi ya kile kiwango cha Afrika Mashariki cha sehemu 10 kwa bilioni kunawezekana, ila kuna gharama, na sampuli moja ya kiganja haisemi lolote juu ya gunia zima kwa sababu sumu hukaa kwa mafungu. Kiashiria mnachokimudu ni asilimia ya kaya zilizokausha juu ya turubai na kupima kabla ya kufunga.

Kamanda_Tano

Kipimo cha chumvi ndiyo nini tena?

MtuWaKibaigwa

Hicho nakijua mimi, acha nijibu. Unachukua chupa kavu ya kioo, unaweka chumvi iliyokauka vizuri, unatia mahindi viganja viwili hivi, unafunga na kutikisa kama dakika moja, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, yamekauka kiasi cha kuhifadhika. Inakwambia tu kama yako juu au chini ya asilimia 15 hivi, kwa mfuko usiopitisha hewa mimi huwa nawaambia waongeze siku nyingine ya jua.

Mama Tathmini, nimejaribu kuandika upya mstari wa autikamu. Niangalizie:

"Kaya zilizofunzwa zinahifadhi mahindi makavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa mpaka miezi ya njaa. Kiashiria: asilimia ya kaya zilizofunzwa ambazo, zikitembelewa Januari au Februari, bado zina angalau mfuko mmoja wenye mahindi yasiyobunguliwa. Uthibitisho: ukaguzi wa kaya 120 kati ya 1,200 zilizochaguliwa kwa kura."

Mama Tathmini

Huu sasa ni mstari. Nimependa "zikitembelewa", maana ukimuuliza mtu kwa mdomo atasema anahifadhi. Ongeza tu "yasiyobunguliwa" inapimwaje. Mkaguzi ahesabu punje 100 ovyo, aandike ngapi zina tundu, na ninyi mkubaliane mapema idadi gani ndiyo mpaka. Na asifungue mfuko uliofungwa! Akiufungua ameingiza hewa, amemharibia mtu. Achukue kutoka mfuko ambao familia tayari inaula, ule mwingine aangalie tu kama kila tabaka limefungwa peke yake.

Sasa weka huo mstari wako juu ya kalenda ya mradi. Mradi unaanza Julai, miezi 18. Unaisha lini?

MtuWaKibaigwa

Julai mpaka Desemba ya mwaka unaofuata.

Ngoja.

Mavuno ya mwaka wa kwanza yatakuwa yameshapita au yanaishia wakati mradi unaanza, hakuna aliyefunzwa. Mafunzo kwenye mpango kazi ni Septemba mpaka Novemba. Mavuno ya pili ni Mei mpaka Julai, hapo ndipo watahifadhi kwa mara ya kwanza. Januari na Februari za kuangalia kama mahindi yapo... mradi umeshafungwa.

KisimaKirefu

😂😂 Autikamu inatokea mwezi mmoja baada ya gari kurudishwa.

Mama Tathmini

Ndiyo hivyo. Na hata kwa kile kiashiria cha zamani hamngeona, kwa sababu mahudhurio hayana msimu.

Januari na Februari ya kwanza, ile inayoangukia katikati ya mradi, haipotei bure. Mafunzo yakisogezwa mpaka Machi na Aprili, hiyo ndiyo besilaini yenu safi: mnapima kaya kabla hazijafunzwa, kwenye miezi ile ile ya njaa. Na mkulima atakumbuka alichofundishwa, maana mavuno yako mlangoni. Kumfundisha Oktoba jinsi ya kufunga mfuko wakati ghala lake limeshapungua na akili yake iko kwenye kuandaa shamba, ni kujaza orodha tu.

Kilichobaki ni kipimo cha mwisho. Ombeni miezi 21, mradi uishe Machi.

MtuWaKibaigwa

Nimeongea na bosi asubuhi hii. Ziara ya madiwani kakubali itoke, ingawa kwa shingo upande, anasema madiwani wataikumbuka. Pesa yake inahamia kwenye maturubai. Utangulizi tunaupunguza. Autikamu kaipenda.

Kwenye muda tumekwama. Tangazo la mfadhili linasema miezi 18 ni mwisho, na tarehe ya kuanza wamepanga wao. Bosi anasema tupime Novemba mwishoni, tuite "miezi ya njaa" tuendelee. Mimi naona Novemba kaya nyingi hazijafungua hata mfuko wa pili, kwa hiyo karibu kila mtu ataonekana kafaulu.

Mhasibu Mnoko

Kuna namna nyingine. Acheni bakaa kidogo ya bajeti, mlipe ukaguzi kabla ya Desemba, ufanyike Januari na afisa ugani wa kata.

Mama Tathmini

Gharama iliyofanyika nje ya muda wa mkataba wengi hawaitambui, Mhasibu, unalijua hilo kuliko mimi. Ningepima Novemba, lakini ningeandika kiashiria kwa ukweli wake: "bado zina mifuko iliyofungwa mwezi wa tano baada ya mavuno", bila kutaja njaa. Ni kiashiria dhaifu zaidi, na lengo liwe juu kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Na besilaini nayo ihame iende Novemba ya kwanza, msilinganishe Februari na Novemba.

Mto wa Athi

Kwani mfadhili hana mtu wa kuulizwa? Matangazo mengi huwa na siku za kujibu maswali kabla ya dedilaini. Uliza kama tarehe ya kuanza inaweza kusogezwa iwe Oktoba. Miezi 18 kutoka Oktoba inaishia Machi.

MtuWaKibaigwa

Oktoba mpaka Machi... na Februari zote mbili zinaingia ndani. Dirisha la maswali linafungwa Alhamisi. Naandika barua pepe sasa hivi, majibu nitayaleta hapa.

Kamanda_Tano

Mkuu usisahau ile templeti.